Manjano yaliyoanza kwa wakati wake

Kanuni ya kwanza tunayowapa wazazi kuhusu manjano ya mtoto mchanga ni ya saa. Yakionekana kabla mtoto hajatimiza saa 24, hospitali moja kwa moja, usiku au mchana. Yakianza siku ya pili au ya tatu, mara nyingi ni ya kawaida na yatakwisha yenyewe. Kanuni ni sahihi na sina nia ya kuivunja. Tatizo ni pale inapogeuzwa ikasomeka kwamba yakianza siku ya tatu basi hayana neno. Kisa hiki ni cha mtoto ambaye manjano yake yalianza kwa wakati wake hasa, na bado yakawa ya hatari. Nimekiunganisha kutokana na visa vya aina moja vya huku Pemba na kubadilisha siku, vipimo na jamaa, ili asijulikane mtu.

Mtoto ni wa kiume, mimba ya wiki 39, kazaliwa Jumapili saa 10 alfajiri kwa njia ya kawaida, uzito kilo 3.2. Alilia, akanyonya ndani ya saa ya kwanza. Jumatatu asubuhi, akiwa ameshatimiza saa 24, mkunga alimpeleka karibu na dirisha, akamfunua macho, akatazama ufizi, akamkandamiza kifuani kwa kidole na kukiachia ili aione rangi ya ngozi kabla damu haijarudi. Hakuona manjano. Mama na mtoto wakaruhusiwa. Kwa weusi wa ngozi zetu ndivyo inavyotakiwa kutazamwa: weupe wa jicho, ufizi, na ngozi iliyokandamizwa, kwa mwanga wa mchana. Taa ya chumbani, hasa yenye mwanga wa manjano, huweza kuyaficha manjano ya mtoto kwa siku mbili nzima.

Mzazi alikwenda kwa mama yake, karibu na Micheweni, kukaa arubaini yake kama kawaida. Chumba cha ndani, pazia nene, dirisha limefungwa upepo usimpige mtoto. Bibi akafungua sanduku akatoa nguo alizomtunzia mjukuu: kofia, mashati madogo, nepi za kitambaa, shuka mbili za kaka yake mtoto, aliyezaliwa miaka mitatu nyuma. Nguo zilikuwa safi, zimekunjwa vizuri, na kati ya mikunjo vimewekwa vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuzia mende na nondo. Mtoto akapakwa mafuta ya nazi mwili mzima, akavishwa, akalazwa.

Jumanne jioni shangazi yake alimchukua hadi mlangoni kumwonesha jirani, mtoto akafumbua macho, na shangazi akasema, "Bi mkubwa, mbona macho yake manjano?" Bibi akatazama. "Hayo ya kawaida. Hata kaka yake alikuwa hivyo hivyo. Asubuhi tumtoe juani."

Kwa nusu ya kwanza ya maneno yake, bibi ana haki kabisa. Zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa kwa muhula kamili huwa na manjano wiki ya kwanza, na kwa waliozaliwa kabla ya wakati huwa ni wengi zaidi. Sababu yake haina ajabu. Mtoto tumboni huishi kwa chembe nyekundu za damu nyingi kuliko atakazohitaji baada ya kuanza kuvuta pumzi, na chembe hizo zina maisha mafupi kuliko za mtu mzima. Zikivunjika, rangi nyekundu iliyomo hugeuzwa kuwa bilirubini, dutu ya manjano. Kazi ya ini ni kuibadilisha bilirubini iweze kuyeyuka kwenye maji, ipite kwenye nyongo, itoke na choo. Ini la mtoto wa siku mbili bado linaamka, kwa hiyo kinachozalishwa hukizidi kinachotolewa, na kilichobaki hujikusanya kwenye ngozi na macho. Manjano ya namna hii huonekana siku ya pili au ya tatu, hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano, na kwa mtoto aliyetimiza muhula huwa yamefifia kabla ya wiki mbili. Wakati wote huo mtoto ananyonya, anaamka kwa njaa, analia kwa nguvu na anakojoa.

Basi Jumanne jioni, ukimtazama mtoto huyu kwa hesabu ya saa tu, yumo ndani ya kawaida. Ametimiza saa 62. Macho na uso ndivyo vyenye manjano, mwili bado. Usiku alinyonya sawa, ingawa mama yake alisema baadaye kwamba mtoto "alikuwa mpole kuliko jana". Sifa hii ya upole huwa inanitia wasiwasi kila ninapoisikia ikisemwa juu ya mtoto wa siku tatu. Watu wanaisema kwa furaha.

Jumatano saa 1 asubuhi alitolewa uwanjani akavuliwa nguo kwa kama robo saa, kisha akavishwa zile zile na kurudishwa ndani. Adhuhuri mama alimwamsha anyonye, akanyonya mara chache akalala tena. Alasiri hakuamka kabisa kwa ajili ya ziwa. Nepi iliyobadilishwa mchana huo ilikuwa na doa la mkojo lenye rangi, wakati mkojo wa mtoto mchanga anayenyonya vizuri haufai kuacha rangi kwenye kitambaa cheupe. Shangazi akamfungua soksi, akaona nyayo. Zilikuwa manjano.

Hapo ndipo kisa kinapogeuka, na ningependa msomaji akae hapa kidogo. Kwa kawaida manjano hushuka: huanza machoni na usoni, yakaja kifuani, tumboni, mapajani, na mwisho kabisa viganja na nyayo. Hatuwezi kupima bilirubini kwa macho, na anayedhani anaweza ajaribu kulinganisha makisio yake na majibu ya maabara ya mwezi mmoja. Lakini nyayo na viganja vya manjano ni alama inayotosha peke yake, siku yoyote ile, kumtoa mtoto nyumbani. Na kwa mtoto huyu kulikuwa na jambo la ziada: manjano yalitoka machoni hadi kwenye nyayo kwa muda usiofika siku nzima. Ini linaloamka polepole halileti mwendo kama huo. Mwendo huo huletwa na damu inayovunjika.

Walifika hospitali ya wilaya saa 11 jioni. Joto la mwili 36.9. Uzito kilo 2.95, yaani amepungua kama asilimia 8, jambo ambalo kwa siku ya nne bado linakubalika ingawa linaelekea ukingoni. Alikuwa amelegea, anaamka akisumbuliwa, ananyonya kwa udhaifu. Hakuwa amejikunja mgongo kwa nyuma, wala hakuwa na kile kilio chembamba cha juu kinachokata sikio. Hizo mbili, pamoja na mtoto kukakamaa au kupata degedege, zina maana kwamba bilirubini imeshaanza kuudhuru ubongo. Kulegea na kukataa ziwa ni hatua inayotangulia, ambayo mtoto bado ana nafasi nzuri ya kurudishwa akiwa mzima.

Kwa nini ubongo? Bilirubini ambayo ini halijaibadilisha huyeyuka kwenye mafuta, na kwa hiyo ikizidi kiasi kinachobebwa na protini za damu huingia kwenye ubongo na kukaa katika sehemu zinazosimamia mwendo wa viungo na usikivu. Mtoto anayeokoka bila kutibiwa mapema anaweza kubaki na kupooza kwa namna ya viungo vinavyojisokota vyenyewe, au kuwa kiziwi huku akili yake ikiwa timamu. Madhara haya hayarudi nyuma.

Damu ilichukuliwa kabla mtoto hajakaa kitandani, na akawekwa chini ya taa bila kungoja jibu. Jibu lilikuwa mikromoli 328 kwa lita. Hemoglobini 12.5, chini kwa mtoto wa siku nne. Mama kundi O chanya, mtoto O chanya, kwa hiyo ile sababu inayofahamika zaidi, ya damu ya mama kupigana na ya mtoto, ikawa imeondoka mezani. Alianzishiwa pia dawa za maambukizi, ampisilini na jentamisini, kwa kuwa mtoto mchanga aliyelegea na asiyenyonya hutibiwa kama mwenye maambukizi kwenye damu hadi ithibitike vingine. Seftriaksoni, ambayo wengi wanaipenda kwa kuwa ni sindano moja kwa siku, haifai hapa: huishindania bilirubini nafasi kwenye protini za damu na kuiachia huru.

Namba 328 peke yake haina maana bila umri wa mtoto kwa saa na hali yake. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa matibabu ya watoto hospitalini, mtoto mzima wa muhula kamili kuanzia siku ya tatu huwekwa chini ya taa akifika 310, na hubadilishwa damu akifika 425. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa mapema sana, au ambaye damu yake inavunjika, viwango hivyo hushuka hadi 250 na 340. Huyu, kwa mwendo wa manjano yake na hemoglobini yake, alikuwa wa kundi la pili. Alikuwa hatua chache tu kabla ya kubadilishwa damu, na namba ingeweza kupanda zaidi.

Kubadilisha damu ni kazi ya kutoa damu ya mtoto kidogo kidogo kupitia mshipa wa kitovu na kumrudishia ya mtu mwingine, hadi kiasi cha mililita 160 kwa kila kilo kipite. Si kazi ya kila hospitali, kwa hiyo maandalizi ya rufaa yakaanza usiku ule ule na jamaa wakaombwa damu. Aliyejitokeza wa kwanza ni mjomba wa mtoto, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Katika maswali ya kawaida ya mtoaji damu akaulizwa kama amewahi kuugua manjano.

"Niliwahi, nikiwa skuli. Nilipewa dawa za homa, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nililazwa nikaongezwa damu."

Muuguzi akamgeukia bibi. "Bibi, hizo nguo za mtoto zilikuwa zimewekwa na nini sandukuni?"

"Na dawa ya mende, mwanangu. Ile nyeupe."

Baada ya majibu haya mawili kisa kilikuwa wazi. Chembe nyekundu zina kimeng'enya kiitwacho G6PD kinachozilinda na dutu zenye kuunguza. Upungufu wake ni wa kurithi, na ni wa kawaida katika mwambao wa Afrika Mashariki na visiwani, kwa kuwa katika karne za malaria ulimpa mwenye nao kinga kiasi fulani. Hurithiwa kupitia kromosomu ambayo mwanamume anayo moja tu, ile anayopewa na mama yake. Ndiyo maana mama anaweza kuubeba bila kuumwa chochote, huku ndugu yake wa kiume na mtoto wake wa kiume wakiupata kwa ukamilifu. Kaka yake mtoto, aliyevaa nguo zile zile, huenda hakuurithi: kwa kila mtoto wa kiume wa mama mbebaji ni nusu kwa nusu. Hoja ya bibi kwamba "hata kaka yake alikuwa hivyo" haikuwa ya uongo, ila haikumhusu huyu.

Mwenye upungufu huu hukaa mzima miaka na miaka mpaka akutane na kichochezi. Nafthalini ni kichochezi kikali. Mvuke wake huvutwa kwa pua na pia hupita kwenye ngozi, na ngozi ya mtoto mchanga iliyopakwa mafuta huupokea kwa wepesi zaidi. Mwilini hugeuka kuwa dutu inayozichoma chembe nyekundu, nazo huvunjika kwa wingi ndani ya siku moja hadi tatu. Ini la mtoto ambalo lilikuwa likihangaika na mzigo wa kawaida likabebeshwa mwingine juu yake. Ndiyo sababu manjano ya mtoto huyu yalianza siku ile ile ambayo manjano ya kawaida huanza. Mambo mawili yalipandana, na la kawaida likalificha la hatari.

Damu ya mjomba haikuchukuliwa. Chembe zake zina upungufu ule ule, na hazifai kumpa mtoto ambaye dutu inayounguza bado imo mwilini. Alipatikana mtu wa upande wa baba.

Nguo zote zilizotoka sandukuni zilivuliwa na kutolewa wodini, pamoja na kanga aliyofunikiwa njiani. Ukimweka mtoto kwenye taa huku shuka aliyolalia inanuka nafthalini, unateka maji huku ndoo inavuja. Akalazwa uchi, nepi tu, macho yamefunikwa kitambaa, taa ya buluu juu yake karibu kadiri mtengenezaji alivyoelekeza. Mwanga wa buluu, wa kati ya nanomita 460 na 490, huigeuza umbo bilirubini iliyomo kwenye ngozi ikaweza kutoka na nyongo na mkojo bila kungoja ini. Hufanya kazi pale tu unapoangukia, kwa hiyo nguo, kofia na soksi humnyima mtoto dawa yake. Akina bibi huona mtoto anateseka kwa baridi na hujaribu kumfunika kila muuguzi akigeuka. La kufanya ni kukitia chumba joto, si kumfunika. Alitolewa kunyonyeshwa kila baada ya saa mbili hadi tatu, na alipokuwa mdhaifu alipewa kwa kikombe maziwa aliyokamua mama yake. Maji ya glukosi hayakutumika. Maji hayashushi bilirubini, hujaza tumbo tu. Bilirubini hutoka na choo, na choo huletwa na maziwa.

Watu huuliza, kama mwanga ndio dawa, jua la bibi lina kosa gani? Jua lina huo mwanga wa buluu, ni kweli. Lakini robo saa ya asubuhi ni kidogo mno kulinganisha na siku nzima chini ya taa, na huwezi kuongeza muda bila kumchoma mtoto, kumkausha maji, au kumtia baridi. Nchini Nigeria walijaribu jua lililochujwa kwa karatasi maalumu ya kuzuia miale ya kuunguza na joto, chini ya uangalizi wa hospitali, likafanya kazi vizuri. Uwanja wetu hauna karatasi hiyo wala mtu wa kupima damu. Ubaya mkubwa wa jua, kwa maoni yangu, ni kwamba linampa kila mtu nyumbani hisia kwamba mtoto ameshatibiwa, na siku inapita.

Usiku wa manane kipimo kilirudiwa: 301. Kimeshuka, rufaa ikasimamishwa, damu ya akiba ikabaki tayari. Alhamisi jioni 240, na mtoto alikuwa ameanza kulia mwenyewe kwa njaa. Ijumaa jioni 178. Taa ilizimwa, kwa kuwa kiwango kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya 50 chini ya mstari wake wa 250. Kesho yake asubuhi damu ilipimwa tena, kwa maana bilirubini hupanda kidogo taa ikizimwa na kwa mwenye damu inayovunjika inaweza kupanda sana. Ilikuwa 191. Wakaruhusiwa.

Kipimo cha G6PD chenyewe kilirudi kikisema "upungufu", lakini hata kingerudi sawa tusingekiamini. Baada ya damu kuvunjika kwa wingi, chembe kongwe dhaifu zimekwisha, na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya zaidi, kwa hiyo kipimo hudanganya. Jibu la "sawa" katika wiki kama hiyo hurudiwa baada ya miezi kama mitatu.

Kwenye kadi ya kliniki uliandikwa upungufu kwa kalamu nyekundu, na wazazi wakaelezwa vitu vya kuepuka: nafthalini maisha yake yote, dawa za salfa kama septrini bila daktari kujua, na primakwini ya malaria, ambayo huenda ndiyo, yenyewe au dawa ya jamii yake, iliyomlaza mjomba. Hina pia. Imeandikwa mara nyingi kwamba hina iliyopakwa mtoto mchanga mwenye upungufu huu imemvunjia damu, na huku kwetu wapo wanaompaka kitovuni au nyayoni. Mama anayenyonyesha aulize kabla ya kumeza dawa hizo, kwa kuwa nyingine hupita kwenye maziwa.

Bibi aliuliza afanye nini na nguo. Nafthalini ni kitu kinachoruka hewani, kwa hiyo kufua kwa sabuni na kuanika nje siku kadhaa hupunguza sana, lakini nguo zilizokaa nayo miaka mitatu nisingemvisha mtoto huyu hata zikiacha kunuka. Avishwe mpya, au zilizotunzwa bila dawa, na sanduku litafutiwe karafuu. Huku Pemba hazikosekani.

Mtoto ana tarehe mbili za kurudi. Ya kwanza ni ya wiki mbili, kupima hemoglobini, kwa sababu damu huendelea kupungua hata manjano yakiwa yamekwisha, na kutazama kama macho yamesafika na choo kina rangi. Mtoto mwenye manjano baada ya siku 14 na choo cheupe kama chokaa ni kisa kingine, cha njia ya nyongo, kinachotaka mpasuaji mapema. Ya pili ni ya kupima usikivu, ndani ya miezi mitatu.